Namba Zilizojirudia Kila Ijumaa

Mama yangu husema kwamba mimi nikiachiwa sabuni nitaiosha kabla ya kuitumia. Ananitania, lakini hajakosea sana. Nyumbani kwetu Ziwa la Ng'ombe sufuria zinalala kifudifudi kwa ukubwa wake, na kazini, kule Changamwe, meza yangu huwa haina hata kikombe. Nimeifanya kazi hii ya mitambo ya kompyuta katika yadi ya kontena miaka kadhaa sasa, na naipenda. Dirisha langu linaangalia geti, na nikisimama naziona kreni za bandari kule Kipevu. Watu wengi wanaofanya kazi kama yangu hawajui kazi zao zinamfikia nani. Mimi nawaona kwa macho, wamekaa kwenye vivuli vya malori yao wanasubiri meseji yangu.

Meseji yenyewe ni namba ya foleni. Kontena ikishakamilisha karatasi zake zote, dereva wa lori aliyetumwa kuichukua hupata namba kwenye simu, na getini huitwa kwa namba hiyo. Wa arobaini na mbili anaingia, kisha wa arobaini na tatu. Kazi ya kugawa namba haifanywi na mtu. Inafanywa na programu ndogo niliyoiandika, na programu hiyo inaamshwa na Kubernetes, huo mtambo unaosimamia programu zetu zote kwenye seva. Niliipa ratiba: kila baada ya dakika kumi, amka, tazama kontena zilizokamilika ambazo bado hazina namba, soma namba ya mwisho iliyotolewa, endelea kutoka hapo, tuma meseji, zima. Dakika mbili inakuwa imemaliza. Inalala dakika nane, inaamka tena.

Getini alikuwa mzee mmoja wa Bofu, Likoni, karani wetu wa geti tangu yadi ilipofunguliwa. Kila asubuhi alivuka feri na kufika kabla yetu sote, kofia yake nyeupe imepigwa pasi. Nilikuwa nikipita namwamkia, "Shikamoo baba," naye hujibu, "Marahaba mwanangu, umeamkaje? Mama hajambo?" na hangoji jibu fupi, anataka habari ya mama nzima. Sijui mtu aliyemsikia akipandisha sauti. Madereva walimheshimu kwa sababu moja iliyo rahisi kuielewa: haiti ila namba, na hajali nani amekuja na gari gani.

Ijumaa tulikuwa na utaratibu wetu. Saa sita na nusu mchana geti hufungwa, karani na wenzake wanakwenda kuswali, nasi wengine tunakula. Hapo mwanzo namba ziliendelea kutoka wakati geti limefungwa, na madereva wakipata namba hujazana mbele ya geti wakipiga honi huku hakuna wa kuwafungulia. Kwa hiyo nikaanza kuisimamisha ile kazi ya ratiba kwa mkono. Ikifika saa sita na nusu natoa amri, inasimama. Swala haina dakika maalumu ya kuisha, hotuba mara fupi mara ndefu, basi mzee akirudi hunipigia simu na kusema neno moja tu, "Tumerudi," nami naifungulia. Nilijivunia mpango huo. Niliona nimefanya jambo la adabu.

Kisha yadi ikakua. Tulipewa eneo la nyuma, malori yakawa mengi, na Ijumaa moja mchana nikasikia kelele getini. Madereva wawili walikuwa na namba moja. Kila mmoja amenyoosha simu yake juu, na kila simu inasema kweli. Mzee akamwingiza mmoja, ilibidi amwingize mmoja, na kwa bahati mbaya aliyemwingiza alikuwa na kofia kama yake. Aliyebaki nje alikuwa dereva wa bara, mtu mrefu mwenye fulana ya buluu, na hakunyamaza.

"Mzee anabeba watu wake!" alipiga kelele. "Mmetoka kuomba pamoja, sasa wao ndio wa kwanza! Sisi tumekaa hapa tangu asubuhi tukingoja nini?"

Mzee alimjibu kwa upole, "Mwanangu, mimi naita namba. Namba sizitoi mimi." Lakini nani angemsikiliza? Malalamiko yalinifikia saa kumi, meneja alipokuja mezani kwangu. Nikafungua orodha ya mizunguko iliyokwisha, yaani kila mara programu ilipoamka na kumaliza kazi. Kulikuwa na mmoja tu, ule wa dakika chache zilizopita, safi kabisa, umemaliza salama. Nikamwambia meneja mtambo hauna tatizo. Nilisema kwa kujiamini, na bado naona haya nikikumbuka sauti yangu.

Kulikuwa na mmoja tu kwa sababu mimi ndiye niliyetaka uwe mmoja. Kubernetes ikiachwa ilivyo huhifadhi mizunguko mitatu iliyofaulu na mmoja ulioshindwa, ili mtu aweze kusoma kilichotokea. Mimi nikaona mitatu ni uchafu. Nikaandika mmoja. Ukimalizika mzunguko mpya, wa zamani unafutwa pamoja na maandishi yake yote, na hatukuwa na mahali pengine pa kuyaweka. Yaani kila dakika kumi nilikuwa nafagia ushahidi, na nafagia kwa furaha.

Ijumaa iliyofuata ikawa vilevile, safari hii jozi tatu za namba. Siku nyingine za wiki, hakuna. Ijumaa tu, na baada ya swala tu. Yule dereva wa fulana ya buluu hakuhitaji kueleza tena, wengine walikuwa wakieleza kwa niaba yake. Meneja, ambaye si mtu mbaya, alimwita mzee ofisini na kumwambia kwamba kama hali haibadiliki atampeleka kwenye ghala la nyuma, kuhesabu mifuko, na geti atapewa mtu mwingine. Mlango ulikuwa wazi, nilisikia yote. Mzee alisema, "Sawa, bosi," akatoka. Alipopita mezani kwangu hakuuliza habari ya mama.

Ijumaa ya tatu hakwenda kuswali. Alibaki kwenye kibanda chake getini, peke yake, geti wazi, na akawaambia wenzake waende wamwache. Mtu aliyevuka feri maisha yake yote na hajakosa swala ya Ijumaa ila kwa ugonjwa! Aliniambia baadaye kwamba alitaka watu waone kwa macho yao kwamba hakuna aliyetoka naye msikitini, na bado namba zikigongana, wajue si yeye, wamwache. Kwa kuwa geti lilikuwa wazi, sikuisimamisha kazi. Ikaendelea kila dakika kumi kama Jumatatu.

Hakuna namba iliyojirudia. Hata moja.

Jioni madereva walicheka waziwazi. "Mmeona? Asipoenda kuomba na wenzake, mambo yanaenda sawa!" Nilimwona mzee amesimama mlangoni mwa kibanda chake, mkono umeshika fremu ya mlango. Alichokitoa kama ushahidi wa usafi wake kimegeuka ushahidi wa hatia yake. Nilipandwa na hasira, na mimi hasira zangu ziko karibu. Nilitaka kushuka niwaambie maneno. Lakini nishuke na maneno gani? Nilikaa chini nikajiuliza swali moja kama mtoto wa shule: leo kipi kilikuwa tofauti? Mzee hakwenda msikitini, ndiyo. Na kipi kingine?

Sikuisimamisha kazi.

Nikaenda kusoma maelezo ya Kubernetes, kurasa ambazo miaka yote nilizipitia juu juu, na nikayakuta maandishi ni ya wazi kabisa. Kazi ya ratiba ikisimamishwa, zamu zinazopita wakati imesimama zinahesabika kuwa zimekoswa. Ukiifungulia, na kama hukuiwekea muda wa mwisho wa kuchelewa kuanza, mtambo haungoji zamu ijayo. Unaanzisha ile iliyokosekana papo hapo. Kisha nikasoma mstari mwingine wa faili langu la ratiba, au tuseme mstari ambao haukuwepo, kwa sababu sikuwahi kuuandika: iwapo mzunguko mpya umefika na wa zamani haujamaliza, ufanyeje? Usipoandika kitu, mtambo unachukua neno Allow, maana yake ruhusa, yote miwili iendelee pamoja.

Nikaiona Ijumaa nzima mbele yangu. Mzee anapiga simu saa nane kasoro dakika nne, nafungulia, na papo hapo unaanza mzunguko wa zamu iliyopotea. Una mzigo wa saa moja na nusu wa kuugawa, kwa hiyo dakika mbili hazitoshi. Saa nane kamili ikigonga, mzunguko wa pili unaamka. Wa kwanza bado haujaandika kazi yake, kwa sababu niliufanya uandike mwishoni kwa mkupuo. Wa pili unasoma namba ya mwisho ileile, kontena zilezile, na pengine mbili au tatu mpya zilizokamilika katikati, ambazo zinaingia karibu na mwisho wa orodha na kuwasukuma chini wale wachache waliobaki. Yote miwili inatuma meseji. Namba moja, madereva wawili. Zamani yadi ilipokuwa ndogo hata mzigo wa Ijumaa uliisha kabla ya saa nane, ndiyo sababu hatukuwahi kuona.

Nilikuwa na hakika, lakini hakika ya kichwani mwangu haikutosha kumtoa mzee mdomoni mwa watu. Nilihitaji kitu cha kuonyesha. Siku hiyohiyo nikabadilisha idadi ya mizunguko ya kuhifadhi: thelathini iliyofaulu, kumi iliyoshindwa. Ni saa tano nzima za kumbukumbu. Orodha ikaanza kurefuka ikaniwasha kama vumbi mgongoni, nikaiacha. Kisha nikaenda kwa meneja kumwomba Ijumaa moja tu, kila kitu kama zamani. Alikuna kidevu akasema, "Ijumaa moja. Baada ya hapo ni ghala."

Kumwambia mzee ndiko kulikokuwa kugumu. Nilimkuta kibandani anachonga penseli.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Baba, Ijumaa nakuomba uende ukaswali. Ukirudi nipigie kama kawaida."

Aliniangalia. "Niende, warudi kunitukana?"

"Watakutukana mara moja ya mwisho, inshallah. Nadhani kosa ni langu. Nataka kulikamata."

"Lako wewe? Wewe uliye juu huko?"

"Mimi baba."

Alichonga penseli mpaka ikawa fupi. Kisha akasema, "Haya. Nimekusikia. Nitakwenda kwa sababu ni faradhi, na nitapiga simu kwa sababu umeniomba." Sikujua kama ameniamini.

Ijumaa ilipofika nilishindwa kula. Nilimwita meneja akakaa kando yangu, nikafungua orodha kwenye skrini. Simu ikalia saa nane kasoro dakika nne. "Tumerudi," mzee akasema. Nikaifungulia kazi. Kabla sijaondoa kidole, mzunguko mmoja ukaonekana, unaendelea. Tulikaa, meneja na mimi, tunatazama saa ya ukutani. Saa nane kamili mstari wa pili ukatokea chini ya ule wa kwanza. Yote miwili inaendelea, kwa pamoja, bila aibu yoyote. Saa nane na dakika nne wa kwanza ukaisha. Saa nane na dakika saba wa pili. Na kutoka dirishani tukaanza kusikia kelele.

"Mungu wangu," meneja akasema. "Na mzee hata hajafika kibandani."

Kweli. Simu alinipigia akiwa njiani, na bado alikuwa anavuka barabara, kanzu ameishika kwa mkono mmoja.

Nilitaka kuandika barua pepe kwa wote. Meneja aliniambia, "Hawa hawasomi barua pepe. Walimshutumu getini, ukaseme getini." Nikashuka. Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu, na madereva thelathini wenye njaa si hadhira ya kumtakia mtu. Nilimwona yule wa fulana ya buluu mbele kabisa. Nikasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, "Namba zinazojirudia ni kosa langu mimi. Si la mzee. Mashine imetoa namba mara mbili kwa sababu mimi niliipanga vibaya, na ameshuhudia meneja. Mzee hajui hata jinsi zinavyotoka."

Mtu mmoja nyuma akauliza, "Na mbona Ijumaa tu?"

Nikaeleza, kwa maneno yangu ya nyumbani. Kwamba Ijumaa naizima mashine kwa ajili ya swala, na nikiiwasha inakurupuka kufanya kazi iliyokosa, na kabla haijamaliza inaitwa nyingine, na mbili zote zinashika kitabu kimoja. Niliona vichwa vikiitikia. Madereva wanajua foleni kuliko mtu yeyote. Yule wa fulana ya buluu alitazama simu yake, akatazama chini, akaenda kukaa kwenye kivuli cha lori lake. Sikumlaumu. Hata mimi nilihitaji wiki nzima kabla ya kuweza kusema samahani kwa mzee vizuri.

Marekebisho yenyewe hayakuchukua hata robo saa, na hilo liliniuma. Palipokuwa patupu niliandika Forbid, yaani ni marufuku: kama mzunguko wa kwanza haujamaliza, wa pili usianze. Kulikuwa na neno la tatu, Replace, linaloua mzunguko unaoendelea na kuanzisha mpya mahali pake, nikaliogopa. Kuukata mzunguko uliokwisha kutuma nusu ya meseji ni kuleta vita vipya. Kisha nikaweka muda wa mwisho wa kuchelewa kuanza: sekunde mia tatu. Zamu iliyochelewa kwa zaidi ya dakika tano isahauliwe, ije inayofuata. Historia niliiacha thelathini na kumi. Mama akijua atanicheka.

Ijumaa iliyofuata hotuba ilikuwa ndefu. Mzee alipiga simu saa nane na dakika tatu. Nikafungulia. Zamu ya saa nane ilikuwa imechelewa dakika tatu tu, ndani ya zile tano, kwa hiyo mzunguko mmoja ulianza hapohapo. Ukabeba mzigo wote wa mchana. Saa nane na dakika kumi zamu nyingine ikafika, ikakuta mlango umefungwa, ikangoja. Mzunguko wa kwanza ulimaliza saa nane na dakika kumi na mbili, na ule wa kungoja, uliochelewa dakika mbili tu, ukaanza baada yake, ukafanya kidogo kilichobaki, ukazima. Mmoja, halafu mwingine. Nilipiga makofi peke yangu mbele ya skrini kama mwendawazimu.

Nikaenda dirishani. Mzee alikuwa anaita namba kwa sauti yake ileile ya taratibu. Dereva mmoja mgeni, sijui wa wapi, alikuwa anajaribu kusogeza lori lake mbele huku akilalamika kwamba geti limechelewa kufunguliwa. Yule wa fulana ya buluu akashuka garini, akaenda akagonga mlango wake. "Ngoja namba yako," nilimsikia akisema. "Huyu mzee haiti mtu. Anaita namba."

Saa kumi na moja, malori yalipopungua, nilishuka na vikombe viwili vya chai ya tangawizi tukakaa kibandani. Aliniuliza habari ya mama, nikampa nzima, na ya magoti yake, na ya mjomba aliyerudi Kisauni. Nikamwambia, "Baba, nisamehe. Uliacha swala yako kwa ajili ya faili langu."

Akapuliza chai. "Nimekusamehe siku ile uliposema kosa ni lako. Hilo si zito." Akanywa kidogo. "Kilichonisumbua ni kingine. Nilipobaki getini Ijumaa ile na namba zikaenda sawa, nilikwenda nyumbani nikakaa nafikiri. Nikajiuliza, labda ni kweli. Labda napendelea, na mwenyewe sijijui. Wallahi mwanangu, nilikuwa nimeanza kuamini ni mimi."

Nilimmiminia nusu ya chai yangu kwenye kikombe chake, akaipokea, na tukakaa hapo mpaka dereva wa mwisho alipokuja kuuliza namba yake.